Kwa nini jibu linatoka sifuri kwenye maswali ya umri wa baba na mwana

Swali: Wakuu, naombeni msaada. Mwanangu yuko darasa la saba, kaja na swali hili: "Umri wa baba ni mara tatu ya umri wa mwanawe. Baada ya miaka 12, umri wa baba utakuwa mara mbili ya umri wa mwanawe. Tafuta umri wa kila mmoja sasa." Nimeandika 3x + 12 = 2x + 12, napata x = 0. Nimekosea wapi? Na je, kuna njia ya kuyafanya maswali ya aina hii bila kubahatisha?

Jibu:

Mkuu, kosa lako ni mabano tu. Upande wa kushoto uko sawa. Upande wa kulia ulitakiwa kuandika 2(x + 12), wewe umeandika 2x + 12. Ukivitazama haraka vinafanana, lakini havisemi jambo moja. 2x + 12 maana yake ni kuchukua umri wa mtoto wa leo, kuuzidisha kwa mbili, kisha kuongeza 12. Swali linataka mtoto kwanza akue miaka 12, halafu umri huo mpya ndio uzidishwe kwa mbili. Kwa hiyo ile 12 nayo inazidishwa, inakuwa 24. Mwanao akikumbuka MAGAZIJUTO ya darasani ataliona mara moja: bila mabano, kuzidisha kunatangulia kujumlisha, na 12 inabaki nje haijaguswa.

```
3x + 12 = 2(x + 12)
3x + 12 = 2x + 24
3x - 2x = 24 - 12
x = 12
```

Mtoto ana miaka 12, baba ana 36. Sasa hakiki, na hapa pana jambo wengi hawalizingatii: jibu linahakikiwa kwenye maneno ya swali, si kwenye mlinganyo uliouandika mwenyewe. Sifuri yako ukiirudisha kwenye mlinganyo wako inakubali vizuri kabisa, 12 = 12, kwa sababu mlinganyo wenyewe ndio mbovu. Lakini ukiirudisha kwenye maneno unakwama: baba na mtoto wote wana sifuri leo, baada ya miaka 12 wote wana 12, na 12 si mara mbili ya 12. Jibu sahihi linapita kila sentensi: 36 ni mara tatu ya 12, na baada ya miaka 12 baba ana 48, mtoto 24, mara mbili.

Kuhusu njia ya kudumu, mimi nasisitiza jedwali dogo kabla ya mlinganyo wowote. Mistari ni ya watu, safu ni za nyakati.

```
         sasa     baada ya miaka 12
Mtoto    x        x + 12
Baba     3x       3x + 12
```

Sentensi ya kwanza ya swali inajaza safu ya "sasa". Kwenda safu ya pili hutumii sentensi yoyote, unaongeza 12 kwa kila mtu, kwa sababu miaka haimpitii mmoja ikamwacha mwingine. Sentensi ya pili ya swali ndiyo inayounganisha visanduku viwili vya safu ya pili kuwa mlinganyo. Sheria yangu hapo ni moja: kisanduku chenye alama ya kujumlisha au kutoa ndani yake, kikitoka kwenye jedwali kinatoka kimevaa mabano. Ukifuata hilo, kosa la sifuri halitarudi.

Kosa la pili kwa wingi ni la lugha. "Mara tatu" ni kuzidisha, "kwa miaka mitatu" ni kujumlisha. "Umri wa baba ni mara tatu ya wa mtoto" ni 3x. "Umri wa baba unazidi wa mtoto kwa miaka 24" ni x + 24. Mtoto akisoma haraka huona namba tu na kuitupa popote. Wengine huandika kwa kufuata mpangilio wa maneno: wanaona "baba", kisha "mara tatu", kisha "mtoto", wanaandika 3b = m. Hiyo inamfanya mtoto awe mkubwa kuliko baba yake. Namba ya "mara" inakaa kwa yule mdogo, kwa kuwa yeye ndiye anayehitaji kuzidishwa ili amfikie mkubwa. Ukikutana na "mara tatu zaidi ya", maneno yanayoleta ubishi, kwenye maswali ya shule mimi hulichukua kuwa 3x, halafu naangalia kama jibu linatoka namba kamili.

Kuna kitu kimoja kwenye maswali haya ambacho hakibadiliki, nacho ni tofauti ya umri. Baba wa swali lako amemzidi mwanawe miaka 24 leo, alimzidi 24 siku mtoto alipozaliwa, na atamzidi 24 mpaka mwisho. Kinachobadilika ni "mara ngapi". Mtoto akiwa na mwaka 1, baba ana 25, yaani mara 25. Mtoto akiwa na 2, baba ana 26, mara 13 tu. Mtoto wa miaka 4 na baba wa 28 ni mara 7, 8 na 32 ni mara 4, 12 na 36 ni mara 3, 24 na 48 ni mara 2. Ile "mara" inashuka kila mwaka bila kupanda hata siku moja, kwa kasi sana mwanzoni halafu polepole, na haifiki mara 1 kamwe.

Hilo linakupa njia fupi ya kukagua kwa kichwa. Baba akiwa mara tatu, tofauti yao ni 2x. Akiwa mara mbili, tofauti yao ni sawa na umri wa mtoto wa wakati huo, yaani x + 12. Tofauti ni ileile, kwa hiyo 2x = x + 12, na x = 12. Mstari mmoja tu. Ila kwa mtoto wa darasa la saba ningemwacha aanze na jedwali, hii aitumie kujihakiki.

Pia inakuonyesha swali bovu kabla hujakokotoa. Ukiambiwa baba ni mara tatu sasa, na baada ya miaka 10 atakuwa mara nne, usihangaike nalo. "Mara" haipandi kwa kwenda mbele. Ukilazimisha, 3x + 10 = 4(x + 10) inakupa x = -30. Mtunzi ama alikusudia "miaka 10 iliyopita", ama alikosea. Ukibadilisha kuwa iliyopita unapata 3x - 10 = 4(x - 10), x = 30, baba ana 90, na miaka 10 iliyopita walikuwa na 20 na 80. Hesabu inakubali.

Lakini si kila hasi ni kosa. Swali likisema baba ana 40, mtoto ana 12, baada ya miaka mingapi baba atakuwa mara tano ya mtoto, hapo kisichojulikana ni miaka, si umri:

```
40 + n = 5(12 + n)
40 + n = 60 + 5n
-20 = 4n
n = -5
```

Miaka hasi 5 kwenda mbele ni miaka 5 nyuma. Walikuwa na 35 na 7, na 35 ni mara tano ya 7. Umri hasi ukiupata, swali au mlinganyo una shida. Muda hasi ukiupata, umehesabu kuelekea mbele jambo lililokwisha kutokea.

Aina nyingine inayosumbua ni ile ya jumla. Mfano: jumla ya umri wa mama na binti ni miaka 50, na miaka 5 iliyopita mama alikuwa mara nne ya binti. Binti akiwa x, mama ni 50 - x. Miaka 5 iliyopita binti alikuwa x - 5 na mama 45 - x. Mlinganyo ni 45 - x = 4(x - 5), ambao unatoa 65 = 5x, x = 13. Mama ana 37. Tano zilizopita walikuwa 8 na 32, sawa. Ila kuna njia nyepesi zaidi: si lazima x iwe umri wa sasa. Iweke kwa mdogo, kwenye wakati ule wenye "mara". Binti wa wakati ule awe y, mama 4y, jumla 5y. Jumla ya wakati ule ni 40, si 45, kwa sababu ni watu wawili na kila mmoja anapungua 5. Basi 5y = 40, y = 8, na leo ana 13. Hakuna mabano kabisa. Angalizo ni moja: x au y ya wakati mwingine sio jibu, usisahau kurudi kwenye "sasa". Wanafunzi wengi huishia kuandika binti ana miaka 8.

Na kama mwanao ameshazoea haya, mpe lile la maneno yaliyojikunja: Dada ana miaka 24. Umri huo ni mara mbili ya umri aliokuwa nao mdogo wake, wakati dada alipokuwa na umri alionao mdogo wake sasa. Mdogo ana miaka mingapi? Watu wanalisoma mara tano na kuacha. Jedwali linalifungua, safu mbili tu, "sasa" na "wakati ule".

```
         sasa     wakati ule
Dada     24       x
Mdogo    x        ?
```

Kisanduku cha dada cha wakati ule kimejijaza chenyewe, maana swali linasema dada wakati ule alikuwa na umri wa mdogo wa sasa, yaani x. Kile chenye alama ya kuuliza kijaze kwa tofauti isiyobadilika. Dada anamzidi mdogo kwa 24 - x, hivyo wakati ule mdogo alikuwa na x - (24 - x). Angalia mabano ya kutoa hapo, yakifunguka alama ya x inageuka kuwa chanya: x - 24 + x, yaani 2x - 24. Umri wa dada wa sasa ni mara mbili ya huo:

```
24 = 2(2x - 24)
24 = 4x - 48
72 = 4x
x = 18
```

Mdogo ana 18. Tofauti yao ni 6. Dada alipokuwa na 18, mdogo alikuwa na 12, na 24 ni mara mbili ya 12.