Simu ina majina 900: leo unampigia nani?

"Dada, nina namba 900 kwenye simu na wateja hawaji. Nianzie wapi?" Kijana mmoja wa Mwanza, wakala wa bima kama mimi, kaniandikia hivyo wiki iliyopita. Nilicheka, maana jana yake tu nilikuwa nimemkatia mteja bima kubwa ya mabasi ya shule, na aliyemleta ni mtu ninayemsalimu mara mbili tu kwa mwaka. Hao ndio wanaolipa ada ya wanangu, wala si marafiki wa kila siku.

Mdogo wangu, usianze na majina. Anza na muda wako. Mimi naweza kuongea vizuri na watu watatu au wanne kwa siku ya kazi, kwa hiyo nina nafasi kama 18 kwa wiki. Nikazigawa hivi. Daraja A lina watu 12, wale wanaoniletea wateja, na kila mmoja namtafuta baada ya wiki mbili: nafasi sita zimekwenda. Daraja B lina 42, wateja wakubwa na wenye gereji, kila baada ya wiki sita: saba nyingine. Daraja C ni watu 130 niliowahi kufanya nao kazi, kila miezi sita: tano. Jumla 18. Waliobaki wote ni D, nawapigia mwezi mmoja kabla bima ya gari haijaisha, basi.

Mwanaanthropolojia wa Uingereza, Robin Dunbar, alikadiria kwamba mtu mmoja humudu uhusiano wa kweli na watu kama 150, ndugu wakiwemo. Mimi nimeshapita hapo, ndiyo maana siamini kichwa changu, naamini faili. Nalitunza kwenye Excel: jina, daraja, tarehe ya mwisho, zamu ijayo, na neno la mwisho. Zamu ijayo inajihesabu yenyewe:

```
=C2+IF(B2="A",14,IF(B2="B",42,182))
```

Asubuhi napanga kwa safu hiyo, walio juu ndio wa leo. D siwaweki humo, wana daftari lao la tarehe za bima.

Safu ya neno la mwisho ndiyo roho ya faili. Kwa yule aliyeniletea mteja wa mabasi niliandika "binti anaingia kidato cha tano, mchepuo bado". Miezi sita baadaye nikamtumia: "Kaka, shikamoo. Binti alichukua mchepuo gani, PCB au HGL?" Sikutaja bima hata kidogo. Akajibu kwa sauti, dakika mbili nzima, na mwishoni: "Hivi wewe bado unafanya mambo ya bima? Kuna mwalimu mkuu hapa anahangaika."

Picha ya maua ya Ijumaa Kareem haihesabiki kuwa mawasiliano. Hata orodha ya matangazo ya WhatsApp inamfikia tu aliyehifadhi namba yako, na wengi wa D hawajaihifadhi. Na tafadhali, mtu uliyemkalia kimya mwaka mzima usimwingize kwenye grupu la michango ya harusi. Kuna bwana mmoja alinifanyia hivyo, kisha akanitumia kumbusho la ahadi ambayo sikuitoa. Namba yake ninayo bado, ila kwenye D.

Msiba hausubiri zamu. Ukisikia, piga simu siku hiyo hiyo, nenda ukiweza, kisha badilisha tarehe kwenye faili, zamu inaanza upya hapo.

Mfumo huu unaharibikia A. Kila unayekutana naye semina unamwona wa A, na baada ya muda una watu 30 kwenye viti 12. Utajua kwa kuangalia faili: waliopitwa na zamu wakizidi 18, yaani kazi ya wiki nzima, umejibebesha mzigo usiokuwa wako. Usijaribu kuwatafuta wote Jumamosi moja kwa ujumbe wa kunakili, wanatambua. Shusha watu, au B wawe wa wiki nane. Kwangu mimi hakuna anayepanda A mpaka mmoja ashuke, na kipimo si gari lake wala cheo. Nauliza tu: ameniletea mtu mwaka huu? Akiona namba yangu anapokea bila "nani mwenzangu"?

Wapo watakaokwambia kuwapanga watu hivi ni roho mbaya. Daraja linapanga zamu, halipimi upendo. Mama yangu hayumo kwenye faili lolote.

Asiyejibu mara tatu mfululizo namshusha daraja moja, simwandikii kulalamika. Akirudi mwenyewe, nampandisha siku hiyo hiyo.