Mwalimu, hiki kinahesabika?

Walimu wapya, wiki hii nimepita madarasani nikakuta chati za nyota zimebandikwa ukutani katika madarasa matatu. Moja imechorwa kwa mikono mizuri sana: majina yamepangwa kushoto, miraba ya vitabu kulia, na chini yake ahadi kwa wino mwekundu kwamba atakayefikisha vitabu 20 atapata zawadi. Najua mmekesha mkiitengeneza na najua mnawapenda hao watoto. Lakini jamani, chati hiyo hiyo niliitundika mimi nikiwa na umri wenu kazini, na nikiiona tena ukutani moyo unaniuma. Nimeandika haya ili msisubiri mwisho wa muhula ndipo mjue.

1. Kabla ya kuahidi chochote, jua nani tayari anapenda.

Wape dakika kumi zisizo na kazi yoyote, kaa pembeni, kisha hesabu ni wangapi wanaofungua kitabu bila kuambiwa.

Mimi sikuhesabu. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kufundisha, nina darasa la wanafunzi 38, na nyuma ya darasa nilikuwa nimetengeneza kona ya kusomea: rafu mbili, mkeka, na daftari la kuazimia vitabu lililofungwa kwa kamba ili lisipotee. Watoto tisa hivi walikuwa wasomaji wa kweli. Kengele ya mapumziko ikilia walibaki mkekani mpaka niwafukuze. Mimi macho yangu yalikuwa kwa wale 29 waliobaki. Jumatatu moja nikasimama mbele nikatangaza: kila kitabu nyota moja, na mwenye nyota 15 atapewa kalamu za rangi na daftari jipya.

Wiki mbili za kwanza nilitembea kifua mbele. Daftari la kuazimia lilijaa kurasa, nikalibeba mpaka ofisini kumwonyesha mwalimu mkuu. Tulichokuwa tunatazama sote wawili ni wingi wa mistari. Hakuna aliyesoma kilichoandikwa kwenye mistari yenyewe.

Wiki ya tatu, nikiwa zamu na darasa liko tupu, nilikaa nikasoma majina ya vitabu moja moja. Kitabu kimoja cha picha chenye kurasa 16 kilikuwa kimeazimwa mara 11. Vitabu vyenye sura, vile ambavyo wale tisa walikuwa wakinyang'anyana, havikuwa vimetoka kwenye rafu tangu siku ya tangazo. Na hapo nikakumbuka jambo lililotokea siku chache nyuma ambalo wakati linatokea nililichekea. Binti mmoja kati ya wale tisa, aliyekuwa katikati ya riwaya nene kuliko zote pale kwenye rafu, alikuja mezani kwangu ameshika kijitabu chembamba na kuniuliza, "Mwalimu, hiki kinahesabika?" Nikamjibu kinahesabika. Nikambandikia nyota yake na nikamsifu mbele ya wenzake.

Ile riwaya niliikuta mwisho wa muhula nikipanga rafu. Kipande cha karatasi alichokikunja kuweka alama kilikuwa bado katikati, pale pale alipoachia.

Hata baada ya kuyaona yale kwenye daftari, sikusimamisha mashindano. Nilijiambia nimeshaahidi, na kwamba angalau wote wanasoma kitu. Zawadi zikatolewa, chati ikashuka, tukafunga shule. Muhula uliofuata, kwa wiki nne za mwanzo, walioazima vitabu kwa hiari yao walikuwa watoto watano: watatu kutoka wale tisa, wawili kutoka wale 29. Yaani nilipata wawili nikapoteza sita. Nilipomuuliza mmoja wa wale sita mbona haji tena mkekani, hakunijibu kwa ujeuri hata kidogo. Aliuliza tu, "Safari hii tunapewa nini?"

Sasa elewa kilichotokea, maana wengi husema "zawadi zinaharibu watoto" na wanaishia hapo, na kauli hiyo si sahihi. Mwaka 1973 watafiti watatu, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wa chekechea walioonekana tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye nembo ya dhahabu na utepe likichora. Kundi la pili lilichora bila ahadi, kisha likapewa cheti kile kile kwa kushtukizwa. Kundi la tatu lilichora tu. Wiki moja hadi mbili baadaye kalamu ziliwekwa darasani, kila mtoto akiwa huru kuzichukua au kuziacha. Watoto walioahidiwa walichora kwa takriban nusu ya muda waliotumia wenzao. Hata picha walizochora siku ya cheti zilipimwa kuwa na ubora mdogo zaidi.

Angalieni kundi la pili vizuri. Walipata cheti kile kile, na mapenzi yao hayakupungua. Kwa hiyo kilichodhuru hakikuwa kitu chenyewe mkononi, ilikuwa ile ahadi iliyotangulia: ukifanya hiki, utapata hiki. Mtoto aliyekuwa akichora kwa sababu anafurahi sasa anajiona akichora kwa sababu ya cheti, na cheti kikiondoka sababu imeondoka nacho. Wanasaikolojia wanaiita hiyo motisha ya nje kuisukuma pembeni motisha ya ndani. Binti yangu wa riwaya hakuacha kupenda hadithi kwa usiku mmoja. Nilichombadilishia ni swali la kujiuliza mbele ya rafu. Zamani alijiuliza kitabu kipi kitamu, mimi nikamfundisha kuuliza kipi kinahesabika.

2. Sifa ni kitu kingine, ila ziwe na habari ndani yake.

Wanasaikolojia Edward Deci, Richard Koestner na Richard Ryan walikusanya majaribio 128 ya aina hii mwaka 1999. Zawadi za kushikika zilizoahidiwa zilipunguza hamu ya ndani, na zaidi kwa watoto kuliko kwa wanafunzi wa vyuo. Maneno ya pongezi yaliiongeza, lakini hapo wanafunzi wa vyuo ndio walionufaika zaidi, na pongezi zilizotamkwa kama amri hazikusaidia. Kwa hiyo "vizuri, umefanya kama nilivyokuagiza" mwambie mtoto mara chache. Mwambie alichokifanya: "Umegundua mwenyewe kwamba msimulizi wa hadithi hii anatudanganya, na umetuonyesha ukurasa." Hapo anajua ameweza nini, na uwezo huo ni wake, hakuna wa kuufunga kabatini muhula ukiisha.

3. Pasipo na mapenzi, zawadi haina cha kuua.

Hapa ndipo wengine wenu mnapitiliza upande wa pili. Mmoja alinijia na msimamo kwamba hatatoa hata pipi maisha yake yote. Hapana, mdogo wangu. Jedwali la kuzidisha, kupanga madawati, kurudia herufi mpaka mkono uzoee: kazi hizi watoto wachache sana huzipenda kwa asili, na kichocheo kidogo cha wiki mbili tatu huwavusha mpaka wafike mahali ambapo wanaweza, na wakishaweza mara nyingi wanaanza kufurahia. Wekeni ukomo wa siku tangu mwanzo.

Zawadi iwekeni kwenye kitendo ambacho mtoto anakijua na anakimudu. Mchumi Roland Fryer alijaribu kuwalipa wanafunzi katika miji kadhaa ya Marekani, akachapisha matokeo mwaka 2011. Kule New York walikolipwa kwa alama za mtihani, alama hazikupanda. Walioulizwa watafanya nini ili wapate pesa zaidi walitaja mambo kama kusoma maswali ya mtihani kwa makini, na si kujisomea zaidi au kumuuliza mwalimu. Hamu ya pesa waliipata, ila njia ya kufika kwenye alama hawakuijua.

Na kwa ninyi mtakaokuja kuwa wakuu wa idara, kusimamia watu wazima: pia huko mambo ni hivi hivi, tofauti ni kwamba mshahara ni haki na mtu mzima anajua hivyo. Kampuni ya vioo vya magari ya Safelite, Marekani, katikati ya miaka ya 1990 iliacha kulipa mafundi kwa saa ikaanza kulipa kwa kila kioo kinachofungwa, huku kima cha chini kikiwa kimelindwa. Edward Lazear aliyeichunguza alikuta vioo kwa kila fundi vimeongezeka kwa asilimia 44, na karibu nusu ya ongezeko ilitoka kwa mafundi wale wale waliokuwepo. Inafanya kazi kwa sababu kioo kinahesabika, na kilichofungwa vibaya hujulikana ni cha nani. Kazi ya mwalimu haiko hivyo. Niliwahi kuwa mahali ambapo posho ilitegemea idadi ya madaftari yaliyosahihishwa, na ndani ya mwezi mmoja masahihisho yakawa vema na mkasi tu, bila neno hata moja pembeni. Hakuna mwalimu aliyekuwa mvivu pale. Kilichohesabiwa kilipatikana, na kisichohesabiwa kikaachwa.

Ukitaka kujua zawadi yako imeanza kudhuru, usitazame wingi. Sikiliza maswali: "kinahesabika?", "kurasa ngapi zinatosha?", "bado ngapi?" Kisha tazama wanachofanya ukiwa umetoka darasani.

4. Kama chati tayari iko ukutani.

Usiichane kesho asubuhi. Ulichoahidi kilipe, hata kwa yule aliyesoma vijitabu vya kurasa 16, maana yeye amefuata kanuni uliyoiweka wewe. Ila tangaza leo kwamba mashindano yanaisha tarehe fulani, na usianzishe mengine juu yake. Kabla ya tarehe hiyo anza kuwasomea kwa sauti dakika kumi kila siku kutoka kitabu kirefu, na uishie pabaya, pale mtu anapotaka kujua kimetokea nini. Kitabu kiache juu ya meza. Waache wachague wenyewe cha kusoma, wakiacha katikati waache, na atakayetaka kusimulia asimulie bila kupewa nyota.

Mimi nilifanya hivyo muhula ule wa pili, nikiwa nimeshachelewa. Ilichukua mpaka wiki ya tisa kuona watoto saba mkekani wakati wa mapumziko. Binti wa riwaya alikuwa mmoja wao. Ile riwaya hakuirudia, alichukua nyingine, nami sikumuuliza amefika ukurasa wa ngapi.