Pawabenki ya 20,000 mAh: nilivyoandika upya maelezo ya muuzaji aliyeitwa tapeli

Kaka mmoja anayeuza vifaa vya simu mtandaoni aliniandikia hivi karibuni. "Dada, naomba msaada wako. Pawabenki zangu ni nzuri, hata mimi mwenyewe naitumia, lakini wateja wanazirudisha na wengine wananiita tapeli. Maelezo nimeyanakili kama yalivyotoka kwa muuzaji wa jumla, sijaongeza hata neno."

Nilimwomba anitumie vitu vitatu: maelezo yenyewe, picha ya yale maandishi madogo mgongoni mwa kifaa, na uzito wake kwenye mizani ya jikoni. Kazi ya kuandika maelezo ya bidhaa nimeifanya miaka mingi na najivunia nayo, kwa hiyo nasema kwa uhakika: ile picha ya mgongoni ina thamani kuliko maneno yote ya muuzaji wa jumla. Haya ndiyo maelezo aliyokuwa ameyaweka:

> PAWABENKI KIBOKO YAO!!! 20000MAH ORIJINO 100%. CHAJI YA KASI YA AJABU 22.5W. INACHAJI SIMU YAKO MARA 8!! HAIPATI MOTO, HAIINGII MAJI, INAFAA SIMU ZOTE. WAHI YAKO SASA!!!

Nilianza na uzito, maana mizani haina maneno mengi. Kifaa kilikuwa na gramu 410. Betri za lithiamu zinazotumika humo, kwa teknolojia ya kawaida, hubeba umeme wa kama wati-saa 250, yaani 250 Wh, kwa kilo ya betri. Pawabenki ya 20,000 mAh ina 74 Wh, kwa hiyo betri peke yake, bila ganda, hukaribia gramu 300. Gramu 410 ni uzito unaoaminika. Angeniambia gramu 150, ningemshauri aache kuuza mzigo huo kabla hatujagusa sentensi moja, kwa sababu hakuna uandishi unaoweza kuokoa bidhaa ya uongo.

Basi bidhaa ilikuwa ya kweli. Kilichomponza ni maelezo.

Mgongoni mwa kifaa paliandikwa: uwezo wa betri 20,000 mAh, 3.7 V, 74 Wh. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: uwezo unaotoka 12,000 mAh kwa 5 V. Namba hiyo ya pili haikuwepo popote kwenye maelezo yake, na ndiyo iliyokuwa ikimletea matusi. Mteja ana simu yenye betri ya 5,000 mAh. Anagawa 20,000 kwa 5,000, anapata 4. Maelezo yanamwahidi 8. Akija kutumia anapata mara mbili na kitu. Wewe ungesemaje?

Hesabu yake si ngumu, na kila anayeuza pawabenki anapaswa kuielewa. Namba ya mAh haimaanishi kitu mpaka ujue volti. Betri iliyo ndani inafanya kazi kwa 3.7 V, na 20,000 mAh kwa volti hizo ni 74 Wh. Lakini tundu la USB hutoa 5 V au zaidi, kwa hiyo saketi ya ndani hupandisha volti. Umeme ni uleule. Ukiugawa kwa volti kubwa, mAh zinapungua. 74 Wh kwa 5 V ni 14,800 mAh, hata kama hakuna kinachopotea njiani. Na kinapotea, kwa sababu saketi hupata joto. Mtengenezaji huyu ametaja 12,000 mAh kwa 5 V, yaani 60 Wh, kama asilimia 81 ya kilichomo. Hicho ni kiwango cha kawaida kabisa, hakuna wizi hapo.

Sasa upande wa simu. Betri ya 5,000 mAh kwenye simu nyingi za sasa ina kama 19 Wh. Gawa 60 kwa 19, unapata 3 na ushee. Simu nayo hupoteza kiasi inapojichaji, hasa ukiwa unaitumia, kwa hiyo ahadi salama ni "mara 2 hadi 3 kwa simu yenye betri ya 5,000 mAh". Usiandike "simu yako", kwa sababu hujui simu ya mteja. Nilimwomba pia athibitishe kwa mita ndogo ya USB, ile inayochomekwa kati ya pawabenki na waya na kuonyesha volti, ampia na jumla ya Wh. Aliijaza pawabenki, akachaji simu moja baada ya nyingine mpaka pawabenki ikazima, mita ikasoma karibu 58 Wh. Hapo nikawa na namba ya mtengenezaji na namba iliyopimwa, na zinakubaliana.

Kila namba ya umeme lazima iandikwe pamoja na hali yake: ni ya wapi, kwa volti ngapi, kupitia tundu lipi. Nusu ya malalamiko niliyowahi kusoma kuhusu pawabenki yanatokana na namba ya kweli iliyoachwa peke yake.

Chukua hiyo 22.5 W. Ipo mgongoni, si uongo. Lakini ni ya tundu la USB-A tu, na kwa simu zinazokubali mfumo huo wa chaji. Tundu la USB-C lina PD, mfumo wa chaji ya kasi wa USB, ya 20 W. Simu isiyoelewana na mifumo hiyo bado itachaji, ila polepole. Na ukichomeka simu mbili kwa pamoja, maandishi ya mgongoni yanasema jumla inashuka hadi 5 V kwa 3 A, yaani 15 W kwa zote mbili. Mteja aliyenunua ili yeye na mkewe wachaji haraka kwa wakati mmoja ana haki ya kujua hilo kabla hajalipa.

"Haipati moto" nilifuta bila kujadiliana. Saketi inayopoteza karibu moja ya tano ya umeme lazima itoe joto, na mteja akiishika ikiwa vuguvugu atadhani ni mbovu. Afadhali umwambie kwamba uvuguvugu ni wa kawaida inapochaji kwa kasi, na kwamba ikivimba au ikawa ya moto isiyoshikika, aache kuitumia. "Haiingii maji" nayo ikaenda, kwa sababu hakuna alama yoyote ya IP, ile inayotaja kiwango cha kinga ya vumbi na maji, kwenye kifaa wala kwenye karatasi zake. Hata ingekuwepo IPX4, hiyo ni kinga ya matone yanayorushwa, si ya kuzamishwa kwenye maji. "Orijino 100%" haipimiki, nayo ikaenda.

Kuna kitu wauzaji wengi hukisahau, nacho ni muda wa kuijaza pawabenki yenyewe. Hii inaingiza hadi 18 W. Kwa kichwa cha chaji cha 18 W au zaidi itachukua kama saa 5. Kwa kichwa cha kawaida cha 10 W itachukua saa 8 hadi 9. Mteja anayeichomeka usiku kwa kichwa cha zamani na kuikuta haijajaa asubuhi atakulaumu wewe, hata kama kifaa ni kizima.

Kuhusu mpangilio, watu wanasoma kwa simu, na wanaona mistari michache tu kabla ya kubonyeza "soma zaidi". Kwa hiyo kinachoamua ununuzi kikae juu: uwezo, idadi ya chaji, kasi, uzito. Mstari mmoja, jambo moja. Neno kwanza, namba baadaye, kizio mwisho, na kizio kiandikwe kwa usahihi: mAh, si MAH, kwa sababu M kubwa ni mega. Herufi kubwa mfululizo zinachosha macho, na alama tatu za mshangao hazijawahi kumwambia mtu chochote. Haya ndiyo tuliyoweka:

> Pawabenki 20,000 mAh (74 Wh), USB-C 20 W na USB-A 22.5 W, nyeusi
>
> Uwezo wa betri ya ndani: 20,000 mAh kwa 3.7 V (74 Wh)
> Uwezo unaotoka: 12,000 mAh kwa 5 V
> Huchaji simu ya 5,000 mAh: mara 2 hadi 3
> Uzito: gramu 410
>
> USB-C: kuingiza hadi 18 W, kutoa hadi 20 W (PD)
> USB-A: kutoa hadi 22.5 W, kwa simu zinazokubali mfumo huo
> Simu mbili kwa pamoja: jumla 15 W
> Muda wa kuijaza: kama saa 5 kwa kichwa cha 18 W, saa 8 hadi 9 kwa kichwa cha 10 W
>
> Ndani ya boksi: pawabenki, waya wa USB-C. Kichwa cha chaji hakimo.
> Haina kinga ya maji.
> Safari ya ndege: ibebe kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo unaokabidhiwa. Angalia pia masharti ya shirika lako.

Ile 74 Wh iko kwenye kichwa cha tangazo kwa makusudi. Mashirika mengi ya ndege hutumia 100 Wh kama mpaka wa betri unayoweza kubeba bila kuomba kibali, na msafiri anaitafuta namba hiyo.

Kaka aliogopa. "Dada, wenzangu wote wanaandika 20,000, mimi nikiandika 12,000 si watanikimbia?" Ndiyo maana zote mbili zipo. Anayetafuta 20,000 ataikuta, na chini yake anakuta maelezo ambayo majirani hawana. Hofu hii naijua. Kuna mwenye duka niliyewahi kumwandikia kazi nzuri ya namna hii, akanijibu kwamba maandishi yangu hayana ladha, akarudisha "mara 8" yake siku hiyohiyo. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu wateja waliodanganyika walikuwa watu wenye shida ya kweli ya umeme wa simu zao. Ndugu muuzaji, mteja hanunui msisimko wako. Anataka kujua simu yake itafika jioni au haitafika. Mwambie.

Kwa kaka huyu, maswali ya "kwani ni 20,000 kweli?" yamebadilika kuwa "unayo ya rangi nyingine?"

Nimemwachia agizo moja. Kila mzigo mpya ukifika, afungue boksi moja, apige picha mgongo wa kifaa na kuulinganisha na maelezo mstari kwa mstari, kisha akiweke kwenye mizani. Mtengenezaji anaweza kubadilisha saketi au betri bila kubadilisha boksi, na tofauti inaweza kuonekana kwenye mstari wa uwezo unaotoka. Ukisoma 11,000 mahali palipokuwa na 12,000, maelezo yabadilishwe kabla boksi la pili halijauzwa.