Niliandika "mlituchelewesha" wakati basi langu halikuondoka kabisa

Tiketi yangu ilikuwa ya kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, kwenda Iringa. Kuondoka saa 12 asubuhi, basi la daraja la kati, viti viwili kwa viwili, nauli shilingi 33,000. Saa 12 na nusu mhudumu wa kampuni alituambia basi liko njiani linatoka gereji. Saa 1 na nusu akasema lile lile. Saa 2 na dakika 10 alikuja mwingine na karatasi ya majina, akatuambia tubebe mizigo twende kwenye basi jingine la kampuni hiyo hiyo, lile la saa 3. Lilikuwa la daraja la kawaida, viti vitatu kwa viwili, na lilikuwa na abiria wake waliokata tiketi siku mbili kabla. Tuliondoka saa 3 na dakika 35. Iringa niliingia saa 1 kasoro dakika 10 jioni, mgongo umekufa ganzi.

Usiku ule ule niliandika barua kwa hasira. Bado ninayo. Sentensi yake kubwa inasema: "Mlituchelewesha sana, basi lilijaa kupita kiasi na huduma yenu ni mbovu." Baada ya siku nne nikajibiwa kwamba kampuni inasikitika kwa usumbufu, na kwamba kuchelewa husababishwa na foleni na mambo mengine yaliyo nje ya uwezo wao. Nilipoisoma mara ya pili niliona kwamba wamejibu kile nilichowaandikia. Mimi ndiye niliyesema nimecheleweshwa. Foleni ni jibu halali kwa mtu aliyecheleweshwa.

Lakini mimi sikucheleweshwa. Safari yangu ilifutwa.

Basi linachelewa pale ambapo ni lile lile ulilokatia tiketi, linakwenda kule kule, ila linaondoka au linafika baada ya saa yake. Hata hapo kuna mawili ya kutenganisha. Kuchelewa kuondoka kunathibitishwa na tiketi, kwa sababu saa ya kuondoka imeandikwa. Kuchelewa kufika ni kugumu zaidi, maana saa ya kufika mara nyingi haimo kwenye tiketi, na kati ya Dar es Salaam na Iringa kuna mizani na kuna mlima Kitonga, ambako lori moja likiharibika kwenye kona kila mtu anasubiri. Ukilalamikia saa ya kufika pekee umewapa mlango wa kutokea.

Safari imeahirishwa pale ambapo umepangiwa saa nyingine au siku nyingine na kampuni imekwambia hivyo, basi na daraja vikibaki vile vile. Imefutwa pale ambapo basi la saa ile halikwenda kabisa. Kupakiwa kwenye basi jingine hakufanyi lile la kwanza liwe limechelewa. Na kama basi limeondoka vizuri likaharibikia Mikumi, mkahamishiwa jingine, hapo hakuna kilichofutwa: safari ilikatishwa njiani na abiria wakafaulishwa. Makondakta wenyewe wanalitumia hilo neno kufaulisha, kwa hiyo litumie, watakuelewa bila maelezo.

Kwa nini tofauti hii ina uzito? Kwa sababu kila neno linabeba dai lake. Aliyecheleweshwa huombwa radhi. Aliyefutiwa safari ana haki ya kuuliza pesa yake ililipia nini, na mimi nililipia daraja la kati nikasafirishwa kwa daraja la kawaida. LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, huweka ukomo wa nauli kwa kila daraja kati ya hayo mawili, tena wa daraja la kawaida uko chini. Abiria niliyekaa naye alilipa 24,000 kwa kiti cha basi lile lile. Tofauti ya 9,000 ilikuwa pesa yangu, na sikuiomba kwenye barua ya kwanza kwa sababu neno nililolichagua halikuwa na mahali pa kuiweka.

Neno la pili lililoniangusha ni "lilijaa". Basi kujaa si kosa. Basi lililojaa ni lile ambalo kila kiti kina mtu, na kila mwenye basi huomba lijae. Kosa ni kuzidisha abiria, yaani watu kuwa wengi kuliko viti. Hili halithibitishwi kwa kuandika "sana" wala "kupita kiasi". Linathibitishwa kwa kuhesabu. Tuliposimama Mikumi kuchimba dawa nilihesabu waliokuwa hawana viti: kumi na mmoja wamesimama kwenye korido, wanne wamekaa juu ya ndoo. Ukiandika kumi na watano bila kiti, na mahali ulipowahesabia, meneja hawezi kukujibu kwamba kujaa ni mtazamo wako.

Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko tunavyodhani, kwa sababu kitenzi kikibadilika mwisho, mwenye lawama naye anabadilika. "Basi lilijaa" ni kana kwamba lilijaa lenyewe, kama mtungi uliowekwa mvuani. "Basi lilijazwa" kuna aliyelijaza, ingawa hatajwi. "Kondakta alipakia abiria saba Chalinze wakati viti vyote vilikuwa na watu" hapo kuna mtu, kuna kitendo, kuna mahali, na kampuni inajua kondakta wa siku ile ni nani. Vivyo hivyo "nilichelewa kufika" linasikika kama wewe ndiye mzembe. "Safari ilifutika" halina mtendaji. "Mlifuta safari" linaye. Mimi sasa nikimaliza barua nairudia kitenzi kwa kitenzi, nikijiuliza kila mara ni nani aliyefanya.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Tiketi yangu ya mtandao ilikuwa imechapwa 06:00, na mimi kwenye barua niliandika saa 12. Anayeipokea ofisini akilinganisha haraka anaweza kudhani ni basi la mchana. Andika zote mbili. Andika pia namba ya usajili ya basi ulilopanda, hata kama una tiketi. Mabasi ya masafa marefu yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwenendo wake, na LATRA huona basi liko wapi na limeondoka saa ngapi. Namba ya usajili ndiyo inayoyageuza maneno yako kuwa kitu cha kukaguliwa. Ipige picha kabla ya kupanda, pamoja na tiketi, maana tiketi ya karatasi ikikaa mfukoni wino wake hufifia.

Barua yangu ya pili, baada ya anuani na tarehe, ilikuwa hivi:

"YAH: KUFUTWA KWA SAFARI NA MADAI YA TOFAUTI YA NAULI

Ndugu Meneja,

Nilikata tiketi ya basi lenu la daraja la kati la saa 12:00 asubuhi (06:00 kwenye tiketi) kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, kwa nauli ya shilingi 33,000. Basi hilo halikuondoka. Saa 2:10 asubuhi mhudumu wenu alituhamishia kwenye basi la daraja la kawaida, ambalo namba yake ya usajili nimeiandika hapa chini. Liliondoka saa 3:35 asubuhi.

Kwa hiyo sidai kwamba nilicheleweshwa. Nadai kwamba safari niliyoilipia ilifutwa, na niliyopewa badala yake ilikuwa ya daraja la chini. Naomba nirudishiwe shilingi 9,000, ambayo ni tofauti ya nauli za madaraja hayo mawili siku hiyo.

Pili, basi hilo lilizidisha abiria. Tulipofika Mikumi nilihesabu abiria kumi na watano wasio na viti. Saba kati yao kondakta aliwapakia Chalinze wakati viti vyote vina watu.

Naomba majibu ndani ya siku kumi na nne. Nakala ya barua hii nimeipeleka ofisi ya LATRA ya mkoa."

Nilikuwa nimeandika pia aya nzima kuhusu dereva, kwamba alionekana hajalala. Niliifuta. Nilimwona akipiga miayo, na hilo tu ndilo nililoliona. Mengine yalikuwa dhana yangu, na dhana moja ikikanushwa inayachafua hata yale uliyoyahesabu kwa vidole. Nilifuta na "huduma mbovu", kwa kuwa haimwambii meneja arekebishe nini, na "usumbufu", ambalo ni neno la kwao, wamelizoea, linawatoka hata kabla hujamaliza kueleza.

Siku ya kumi na moja walinipigia simu, wakathibitisha namba ya tiketi, na 9,000 ikaingia kwenye simu yangu jioni yake. Kuhusu abiria waliozidishwa waliandika mistari miwili tu, kwamba kondakta ameitwa kujieleza. Sikupata zaidi ya hapo kutoka kwao, na ndiyo sababu ya nakala ya LATRA: pesa ya abiria mmoja kampuni inaweza kuimaliza yenyewe, lakini korido iliyojaa watu mlima Kitonga ni jambo la usalama wa wote.

Wiki mbili baadaye mama mmoja tuliyesafiri naye, ambaye tulipeana namba, aliniomba nimtumie barua yangu ainakili. Nilimwomba asiinakili. Yeye alipandia Msamvu, Morogoro, akiwa na tiketi ya basi lile la saa 3 na namba ya kiti, akakuta kiti chake kimekaliwa na mmoja wetu wa saa 12. Alisimama hadi Ruaha Mbuyuni na mtoto mgongoni. Safari yake haikufutwa. Basi lake lilikuja, la daraja alilolilipia, na kuchelewa kwake halikuwa jambo lililomuuma. Tulikaa kwenye simu karibu nusu saa tukitafuta jina la kilichompata. Alianza na "nilinyanyaswa", kisha "basi lilijaa", kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Andika kiti changu kilipewa mtu mwingine, na kondakta alikuwa ameiona tiketi yangu." Ndivyo tulivyoandika, kwa maneno yake hayo hayo, mstari wa kwanza chini ya YAH.