Maswali ya mipaka: tafuta kila jibu lisilo sahihi limetoka wapi

"Wakuu, mwezi ujao nina mtihani wa ISTQB ngazi ya msingi. Mbinu za kubuni majaribio nimezisoma nikazielewa, ila maswali ya kuchagua yananichanganya, hasa ya mipaka. Kila mara nabaki na majibu mawili. Naombeni maswali yenye maelezo."

Mkuu, umeshika pazuri. Kwa mtaala wa toleo la 4.0, maswali 11 kati ya 40 yanatoka kwenye sura hiyo ya mbinu. Mimi nilianza kuyapata siku nilipoacha kutafuta jibu sahihi na kupita, nikawa naeleza pia kila jibu lisilo sahihi limezaliwa na kosa gani. Chukua hili nililotunga kwa ajili ya wenzangu kazini.

Swali la 1. Mfumo wa kusafirisha vifurushi unapokea uzito kwa kilo kamili. Kilo 1 hadi 10 ni bei ya kawaida, 11 hadi 30 ni bei ya juu. Sifuri kushuka chini unakataliwa, na 31 kwenda juu unakataliwa. Umeshajaribu 1, 10, 25 na 31. Kwa mbinu ya mipaka ya thamani mbili, umefikia asilimia ngapi?

A. 25%
B. 50%
C. 67%
D. 75%

Usiguse majibu kwanza. Chora mstari kwenye karatasi, ukate pale uzito unapobadilisha fungu: kati ya 0 na 1, kati ya 10 na 11, kati ya 30 na 31. Kila mkato una thamani mbili zinazotazamana, kwa hiyo zinazotakiwa ni sita: 0, 1, 10, 11, 30, 31. Wewe umegusa 1, 10 na 31. Tatu kwa sita ni 50%, jibu ni B.

Sasa angalia waliobaki. Aliyechagua C amehesabu 25 pia, akapata nne kwa sita. Lakini 25 iko katikati ya fungu, haipo mpakani popote. Aliyechagua D amefanya hesabu safi kabisa ya mbinu nyingine: mafungu yako manne, majaribio yamegusa matatu, basi 75%. Hilo ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu ni jibu sahihi la swali ambalo hukuulizwa. Na A ni ya aliyetumia thamani tatu. Huko kila thamani ya mpakani inakwenda na jirani zake wa pande zote mbili, kwa hiyo zinaongezeka -1, 2, 9, 12, 29 na 32. Jumla ni 12, na tatu kwa 12 ni 25%.

Soma pia kipimo. Swali likisema uzito unapimwa kwa nusu kilo na bei ya kawaida inaishia 10, jirani wa 10 kwa juu ni 10.5, si 11.

Swali la 2. Mwenye umri wa miaka 60 au zaidi halipi ada. Mtengenezaji ameandika hivi:

```
if (umri == 60)
    ada = 0;
```

Kwenye mpaka huo, seti ipi ndogo kabisa itakamata kosa?

A. 59, 60
B. 60
C. 59, 60, 61
D. 58, 59, 60

Jibu ni C. Kosa la namna hii nimelikuta kazini, kwenye mfumo wa malipo. Tulijaribu 59, akatozwa. Tukajaribu 60, ada ikaja 0. Kila kitu kijani, maana thamani mbili za mpakani zote zinapita kwenye kosa hili. Aliyeingiza 61 ndiye aliyeona ada imerudi. Thamani tatu zinamlazimisha mtu kufika huko: jirani wa 60 kwa juu ni 61. Thamani mbili zinatosha kwa mpaka uliosogezwa hatua moja, mfano `>` badala ya `>=`, kwa kuwa hapo 60 yenyewe ingetozwa. Swali likikuonyesha `==`, waza jirani wa ndani ya fungu.

La mwisho ni fupi. Rudi kwenye vifurushi: ukiruhusiwa kuongeza jaribio moja tu juu ya 1, 10, 25 na 31, lipi litapandisha asilimia ya mafungu na ya mipaka kwa pamoja: 0, 11, 30 au 40? Ni 0. Inagusa fungu pekee lililobaki, mafungu yanafika 100%, na mipaka ya thamani mbili inapanda hadi nne kwa sita. 11 na 30 ni za mpakani, lakini fungu lao lilishaguswa na 25. 40 haiongezi chochote, kwa kuwa fungu lake liliguswa na 31.