Choo kikimvuja mzee, usikimbilie dawa ya kuhara

Mamangu ana miaka 81, twaishi Kibokoni. Mwaka jana aliacha kwenda arusini, kisha hata kwa jirani. Siku moja nikakuta leso zake mbili chini ya kitanda, amejaribu kuzifua mwenyewe. Kumbe choo chamtoka majimaji mara nne, tano kwa siku, na hajui kinapotoka.

Nikampa dawa ya kuzuia kuhara, na hapo ndipo nilipokosea. Siku ya tatu tumbo likamjaa, chakula hataki, majimaji yakazidi. Daktari alivaa glavu akampima kwa kidole, akakuta choo kikavu kimeziba njia. "Hahari huyu, amefunga choo. Maji yapenya pembeni." Alikuwa akinywa vidonge vya maumivu vyenye kodeini, vinavyokausha choo, na maji akiyakwepa ili asiamke usiku.

Basi mzee asiyepata choo cha kawaida kwa siku kadhaa, kisha akaanza kuchafuka kidogo kidogo, apimwe kwanza. Mama alipewa dawa ya kulainisha choo. Siku za mwanzo uvujaji ulizidi, na daktari alikuwa ametuonya, hatukuikatiza. Sasa kila asubuhi, kama nusu saa baada ya chai, tumbo linapoamka, namkalisha kwenye kiti cha choo, miguu juu ya kigoda. Mlango nafunga, watoto natoa nje. Namwambia, "Mama, twende tukajisitiri." Neno nepi silitamki mbele za watu.

Ngozi huharibika upesi. Akichafuka namwosha papo hapo kwa maji ya vuguvugu, bila kusugua, bila dawa ya kuua viini. Namkausha kwa kugandamiza kitambaa laini, namalizia kwa krimu ya zinki, tabaka jembamba. Poda niliacha, hushikana na jasho la hapa kwetu. Wekundu usioondoka, au ngozi iliyochubuka, muone muuguzi.

Mazoezi ya misuli ya nyonga tulianza choo kilipolainika. Akaze kama anayezuia upepo usimtoke, pumzi asiizuie, makalio na mapaja yatulie. Ahesabu hadi tano, alegeze hadi kumi, arudie mara kumi, mara tatu kwa siku. Akichoka akifika mara ya nne, aanze na mara nne. Tulingoja karibu miezi mitatu kuona tofauti. Mzee aliyepoteza kumbukumbu huenda asiyaweze, kwake ratiba ya choo ndiyo nguzo.

Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, au choo kubadilika kwa wiki kadhaa, mpeleke apimwe. Akitapika tumbo limevimba, au miguu ikilegea ghafla, au akafa ganzi sehemu za siri, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.

Udhu ndio uliomliza zaidi. Shekhe alimweleza kwamba mwenye udhuru wa kudumu hujisafisha na kutawadha kwa kila swala, kisha huswali.