Maswali yenu: dola, shilingi yetu na shilingi ya Kenya

"Dola hapa mjini inanunuliwa 2,600. Isebania, mpakani upande wa Kenya, dola moja inanipa shilingi 128.50 za Kenya, na za Kenya hapa zinauzwa 20.40. Nikizungusha milioni 2.6 narudi na 2,621,400. Mbona watu hawafanyi hivi?" (Muuza dagaa, Mwaloni Kirumba, Mwanza)

Kwa sababu bei mbili kati ya hizo si zako. Ubao wa duka la fedha husema kwa mdomo wa mwenye duka: "kununua" ni yeye anaponunua, "kuuza" ni yeye anapouza. Wewe ukitaka dola, unalipa bei yake ya kuuza.

Tuchukue bei zako na za upande wa pili wa ubao, kwa mfano tu. Dola Mwanza: kununua 2,600, kuuza 2,640. Shilingi ya Kenya Mwanza: kununua 19.80, kuuza 20.40. Dola Isebania, kwa shilingi za Kenya: kununua 128.50, kuuza 129.50.

Sasa zunguka upya. Dola 1,000 zinakugharimu 2,640,000. Isebania unapewa shilingi 128,500 za Kenya. Unazirudisha Mwanza, duka linazinunua kwa 19.80, unahesabiwa 2,544,300. Zimeyeyuka 95,700, na nauli ya kwenda Sirari, upande wetu wa mpaka, sijaigusa.

"Nitajuaje kuna mwanya wa kweli kabla sijatoa hela?"

Tengeneza mwenyewe bei ya shilingi ya Kenya kwa kupitia dola, kisha uilinganishe na ya ubaoni. Mwenye shilingi za Kenya ananunua dola kwa 129.50 na kuiuza Mwanza kwa 2,600. Gawanya 2,600 kwa 129.50, unapata 20.08: ndicho kila shilingi ya Kenya inachokuletea kwa njia hiyo. Anayezitafuta ananunua dola kwa 2,640 na kupewa 128.50. Gawanya tena, unapata 20.54, ndiyo gharama yake.

Mwanya upo pale tu duka linapouza shilingi ya Kenya chini ya 20.08, au linapoinunua juu ya 20.54. Kwenye ubao wetu linauza 20.40 na kununua 19.80, kwa hiyo hakuna kitu, uanze mzunguko upande wowote. Wengi hukosea kwa kuchukua bei ya katikati. Ya katikati inapendeza machoni, ila hakuna dirisha linalokupa.

"Tuseme nimekuta duka halijabadilisha ubao tangu jana, linauza ya Kenya kwa 19.90. Nimeula?"

Labda. Shilingi 100,000 za Kenya zitakugharimu 1,990,000. Kwa 129.50 unapata dola 772 na chenji ya shilingi 26. Ukiziuza kwa 2,600 unapata 2,007,200. Faida ni 17,200, haifiki hata asilimia moja ya mtaji.

Sasa angalia ilivyo nyembamba. Dola ikishuka kutoka 2,600 hadi 2,577 ukiwa bado ndani ya basi, faida yote imekwisha. Na noti nazo zina mambo yake. Niliwahi kupeleka noti ndogondogo za dola kwenye duka moja, karani akazigeuza, akaziangalia kwenye mwanga, kisha akanitajia bei ambayo haikuwa ubaoni. Ubao ulikuwa wa noti kubwa mpya. Uliza pia duka lina shilingi ngapi za Kenya kwa bei hiyo, maana ukitaka nyingi karani atapiga simu, na akirudi bei imebadilika.

Kwenye mabenki makubwa mianya ya namna hii hufungwa na kompyuta ndani ya sekunde, kwa sababu wao huuza na kununua fedha zote tatu kwa wakati mmoja. Wewe una saa kadhaa za barabarani kati ya hatua moja na nyingine. Hiyo ni kamari.

"Nikiongeza shilingi ya Uganda katikati?"

Unaongeza dirisha jingine la kukatwa. Sikushauri.

"Mimi si mlanguzi. Wakenya wananilipa dagaa kwa shilingi yao, nabadilisha, basi. Haya yananihusu nini?"

Wewe ndiye yanayokuhusu zaidi. Ukileta shilingi 100,000 za Kenya Mwanza na kuziuza moja kwa moja kwa 19.80, unapata 1,980,000. Ukizigeuza kuwa dola Isebania, kwenye duka lenye leseni, kisha ukauza dola hizo hapa, unapata 2,007,200. Tofauti ni 27,200, na safari ya mpakani ulikuwa unaifanya hata hivyo. Lakini siku ukihitaji shilingi za Kenya za kulipia mzigo, nunua moja kwa moja hapa kwa 20.40, maana njia ya dola itakutoza 20.54. Piga hesabu zote mbili kila safari, kwa bei za siku hiyo.